Shajara ya mradi: Kulitoa tangazo la kazi ya vizimba kwenye Kiingereza na kuliweka kwenye Kiswahili cha watu wa ziwani

Shajara hii ninaiandika ili mfasiri mwingine atakayepewa tangazo la kazi aweze kufuata hatua zangu au kuchukua kile kitakachomfaa. Hatua za kawaida, kama vile kupokea faili, kusahihisha tahajia na kupanga kurasa, nimezipitia kwa ufupi. Nafasi kubwa nimeiacha kwa sentensi zilizokataa kukaa sawa.

3 Februari 2025: Kazi ilivyopokelewa

Kampuni moja inayofuga sato kwenye vizimba upande wa Ilemela inatafuta msimamizi wa vizimba. Tangazo lake limeandikwa kwa Kiingereza na mtu anayejua kuandika: ni la kirafiki, linamzungumzisha msomaji moja kwa moja, na lina imani kwamba atakayeajiriwa ni mtu mwenye akili zake. Ombi la kampuni lilikuwa wazi, nalo ni kwamba Kiswahili kibaki na sauti hiyohiyo, kwa sababu tangazo litabandikwa Igombe, Kayenze na Mwaloni Kirumba, na pia litatumwa kwa wanafunzi waliomaliza chuo cha uvuvi Nyegezi. Kwenye mialo hii wapo Wasukuma, Wakerewe, Wajita na wengine wengi, na Kiswahili ndicho wanachokutania.

Pamoja na Kiingereza nilipewa tafsiri iliyokuwa imekwisha kufanywa ofisini kwao, ambayo mwombaji mmoja alikuwa ameirudisha akisema hakuielewa. Naiweka hapa aya yake ya kwanza, kwa kuwa kazi yote inaanzia hapo:

"Sisi ni kampuni inayokua kwa kasi na tunatafuta mtu binafsi mwenye shauku na anayejisukuma mwenyewe kujiunga na timu yetu yenye nguvu katika mazingira ya kasi. Mgombea bora atakuwa mwenye starehe kwenye maji na ataripoti kwa Meneja wa Shamba."

Ukiitazama kwa kamusi, hakuna neno lililotafsiriwa kimakosa kabisa. Hata hivyo, msomaji wa Mwanza haoni kazi ndani yake.

5 Februari: Jaribio la kusoma

Kabla ya kugusa chochote niliipeleka tafsiri hiyo kwa wasomaji, kwa sababu mfasiri anayejua Kiingereza cha asili huelewa hata Kiswahili kibovu; akili yake hujaza yale ambayo karatasi haikuyasema. Utaratibu wangu ni mwepesi. Msomaji hupewa karatasi, huisoma mara moja kwa kasi yake, kisha karatasi huondolewa na huulizwa maswali mawili: ukiajiriwa, kesho asubuhi utakwenda kufanya nini, na je, ungeomba kazi hii? Siulizi kama lugha ni nzuri, maana swali hilo humfanya mtu aanze kuwa mwalimu badala ya kuwa mwombaji, na mara nyingi hujibu kwa adabu tu.

Nilisoma na vijana wanaofanya kazi za boti Igombe, msichana aliyehitimu stashahada ya ukuzaji viumbe maji, na mama mmoja anayekausha dagaa na ambaye mwanawe anatafuta kazi. Majibu yao yalionyesha makosa ambayo nisingeyaona peke yangu.

Maneno "ataripoti kwa Meneja wa Shamba" wote waliyaelewa kuwa ni maelekezo ya siku ya kwanza: ukipata kazi, nenda kajitambulishe kwa meneja. Hilo ni sahihi kwa Kiswahili chetu, kwa kuwa mtu huripoti kazini, huripoti kituoni, huripoti shuleni. Kiingereza kilitaka kusema jambo jingine, yaani nani yuko juu ya nani.

Neno "mgombea" liliwapeleka kwenye uchaguzi. Kijana mmoja aliuliza kama wafanyakazi ndio watakaompigia kura msimamizi wao. "Mtu binafsi" walimwelewa kuwa ni mtu asiye wa kampuni wala wa serikali, hivyo wakadhani kazi ni ya mkandarasi. Nayo "starehe kwenye maji" iliwafikisha kwenye fukwe na muziki.

Kosa zito zaidi lilikuwa kwenye aya ya malipo, iliyoahidi "mshahara wa ushindani". Mama yule alinieleza alivyoelewa: waombaji watashindanishwa kwa mshahara, na atakayekubali kidogo ndiye atakayechukuliwa. Kiingereza kilikuwa kinajisifu kwamba kinalipa vizuri. Kiswahili chake kilikuwa kinamwonya mtu asije akaomba kikubwa.

Gharama za hatua hii: shilingi 5,000 kwa kila msomaji kama fidia ya muda wake, nauli ya kwenda na kurudi Igombe, na shilingi chache za kuchapa karatasi.

10 Februari: Rasimu ya sauti ya serikali

Kimbilio la kwanza la mfasiri wa matangazo ya kazi Tanzania ni lugha ya matangazo ya utumishi wa umma. Ina faida kubwa. Kila mtafuta kazi ameisoma, istilahi zake zimetulia, na mambo yake yana majina: sifa za mwombaji, majukumu ya kazi, masharti ya jumla, wadhamini, usaili, mwisho wa kupokea maombi. Nilichukua majina hayo yote, na mengi yamebaki hadi tangazo la mwisho. "Mgombea" akawa "mwombaji", na tatizo la kura likaisha.

Aya ya sifa ilisomeka hivi: "Mwombaji awe na stashahada ya ukuzaji viumbe maji. Awe na uzoefu usiopungua miaka miwili. Awe na uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa. Awe na uwezo wa kufanya ufuatiliaji wa ulishaji wa samaki."

Wasomaji waliielewa bila shida, lakini sauti ya kampuni ilikuwa imepotea. Mhitimu wa Nyegezi alisema angeomba, kisha akauliza kama cheti cha kuzaliwa kinahitajika na kama maombi yatapitia kwenye mfumo wa serikali. Tangazo lilikuwa limeivaa sare ya mwenzake.

Nilikaa na rasimu hiyo muda mrefu nikitafuta hasa ni nini kilichobadilisha sauti, kwa sababu maneno yalikuwa ya kawaida tu. Jibu nililolipata ndilo lililoongoza kazi iliyobaki. Kiingereza cha tangazo hili huweka uchangamfu wake kwenye vivumishi: mtu mwenye shauku, timu yenye nguvu, mazingira ya kasi. Kiswahili huuweka kwenye kitenzi, katika kiambishi cha nafsi na katika hali ya kitenzi chenyewe. "Awe" humsimamisha msomaji nje ya mlango huku watu wawili wakizungumza juu yake. "Uwe" humtazama usoni lakini bado humpa sharti. "Utakuwa" humweka tayari kazini. "Kufanya ufuatiliaji" humwondoa mtu kabisa na kuacha jina la shughuli. Mtu anaweza kuvitafsiri vivumishi vyote kwa usahihi na bado akaiacha sauti nyuma, na anaweza kuvitupa karibu vyote akafika nayo salama.

12 Februari: Rasimu iliyochangamka kupita kiasi

Nilijaribu upande wa pili, kwa lugha ya matangazo ya redioni na ya vipeperushi: "Je, unayapenda maisha ya ziwani? Je, uko tayari kubadilisha maisha yako? Changamkia fursa hii leo!" Nilitaka kuona mpaka uko wapi.

Ulionekana haraka. Kijana wa kwanza kusoma aliuliza ni shilingi ngapi zinatumwa, na kwa namba gani. Watafuta kazi wamepokea ujumbe mwingi wa utapeli kwenye simu zao, na ujumbe huo kwa kawaida huwa na maswali ya kuamsha hamu, ahadi isiyo na kiwango na haraka isiyo na sababu. Tangazo la kweli likizungumza hivyo hujiharibia jina, hata kama kila neno lake ni la kweli. Rasimu hiyo niliiacha palepale, nikiwa nimeshajua kwamba sauti ninayoitafuta iko kati ya afisa utumishi na mpiga debe: ni sauti ya msimamizi wa kazi mwenye heshima anayemweleza mtu mzima mwenzake kazi ilivyo.

17 Februari: Maswali kwa mwajiri

Hatua hii watu wengi huiruka, nami naona bila hiyo tafsiri nzuri haipatikani. Kiingereza cha matangazo ya kazi kina maneno mengi yaliyozoeleka kiasi kwamba mwandishi wake hakulazimika kuamua anamaanisha nini. Kiswahili kinamlazimisha kuamua, kwa sababu kitenzi chake kwa kawaida hubeba nafsi ya mtendaji.

Mfano mzuri ulikuwa kwenye majukumu. Tafsiri ya ofisini ilianza karibu kila mstari na "kuhakikisha": kuhakikisha vizimba vinakaguliwa, kuhakikisha samaki wanalishwa, kuhakikisha nyavu zinabadilishwa. Nilimwuliza mwajiri kama msimamizi hukagua mwenyewe au husubiri taarifa ya waliokagua. Alijibu kwamba vizimba hukagua mwenyewe, kila asubuhi, akiwa botini na wafanyakazi wake. Ulishaji husimamia akiwepo. Nyavu hupanga siku ya kuzibadilisha na kuwaachia mafundi. Hizo ni kazi tatu tofauti, na neno moja lilikuwa limezifunika zote.

Likizo nayo ilikuwa na lake. Tafsiri ya ofisini iliahidi "likizo ya ukarimu". Nilipouliza ni siku ngapi, jibu lilikuwa 28. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, kwa hiyo hapo hakuna ukarimu, kuna utii wa sheria, na tangazo liseme siku zenyewe. Mwajiri alikubali bila ubishi. Nimeona mara kadhaa kwamba msomaji wa Kiswahili hupata imani kwenye namba pale ambapo Kiingereza kilitegemea sifa.

Kuhusu mshahara, kampuni haikutaka kuandika kiwango. Hiyo ni haki yake, lakini sikukubali "ushindani" ubaki. Tulikubaliana kuhusu sentensi inayosema kitakachotokea: "Mshahara utapangwa kwa kuangalia elimu na uzoefu wako, na utaelezwa kiwango chake kabla ya kuja kwenye usaili." Sentensi hii imemwongezea mwajiri wajibu ambao Kiingereza hakikuwa nao, na ndiyo maana haikuandikwa mpaka yeye mwenyewe alipoikubali kwa maandishi. Mfasiri hana mamlaka ya kuahidi kwa niaba ya kampuni.

Palikuwapo pia sentensi ya mwisho ambayo ofisini waliiandika "Sisi ni mwajiri wa fursa sawa". Kwa msomaji wetu haina kitendo, haisemi nani afanye nini. Iliyobaki ni hii: "Tunapokea maombi ya kila mwenye sifa, mwanamke kwa mwanamume, bila kujali kabila, dini wala hali ya ndoa, na watu wenye ulemavu wanakaribishwa kuomba." Mambo hayo yamo katika orodha ya ubaguzi unaokatazwa na sheria hiyohiyo ya 2004, nimetaja yale ambayo mtu wa mwaloni angeyaulizia kwanza.

19 Februari: Rasimu ya kazi

Niliandika upya nikiwa nimeifunga karatasi ya Kiingereza, nikitumia orodha ya mambo tu: kampuni ni nani, kazi ni nini, anatakiwa nani, atapata nini, aombe vipi. Baada ya kumaliza ndipo nilipoifungua asili na kukagua kama kuna jambo lililoachwa au kuongezwa. Nikiandika huku Kiingereza kikiwa wazi mbele yangu, mpangilio wa sentensi zake huingia hata nikiwa mwangalifu.

Aya ya kwanza sasa ni hii:

"Tunafuga sato kwenye vizimba hapa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, na vizimba vyetu vinaongezeka mwaka hadi mwaka. Tunatafuta msimamizi anayeijua kazi hii na kuipenda, anayeona linalotakiwa kufanywa na kulifanya bila kusubiri kutumwa, na anayeelewana na wenzake hata siku ambayo kazi imezidi."

Linganisha na asili. Shauku imekuwa "kuipenda", tena imefungwa na kuijua, kwa sababu kupenda peke yake hakumshawishi mtu wa ziwani. Kujisukuma kumekuwa "bila kusubiri kutumwa", maneno ambayo mzazi yeyote ameyasema nyumbani kwake. Mazingira ya kasi yamekuwa siku ambayo kazi imezidi. Kuwa mtu wa timu kumekuwa kuelewana na wenzake. Hakuna kivumishi hata kimoja kilichovuka, na sauti imevuka.

Nafsi niliigawa kwa makusudi. Utangulizi unazungumza kwa "tu-", kampuni ikijitambulisha. Majukumu yanazungumza kwa "uta-", kwa sababu hapo msomaji tayari anajiona kazini. Sifa zinatumia "uwe", kwa kuwa ni masharti na hayafai kufichwa. Nilipojaribu "utakuwa na stashahada" kwenye sifa, ilisomeka kama vile kampuni itampeleka mtu masomoni.

Majukumu yakawa hivi, kwa sehemu: "Kila asubuhi utatoka na boti pamoja na wafanyakazi wako kukagua vizimba na nyavu. Utasimamia ulishaji kwa saa zilizopangwa, na kila siku utaandika idadi ya samaki waliokufa katika kila kizimba. Utakuwa chini ya Meneja wa Shamba, na wafanyakazi wa vizimba watakuwa chini yako."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyoondoa tatizo la kuripoti. Nilifikiria "utawajibika kwa", ambayo ni sahihi na inatumika maofisini, lakini kwa vijana wa boti ilikuwa na harufu ya kuadhibiwa.

Istilahi ya ufugaji ilinichukua muda zaidi ya nilivyotarajia. Wataalamu hupima shamba kwa uwiano wa chakula kilicholiwa na uzito ulioongezeka, na ofisini uwiano huo uliandikwa "ubadilishaji wa malisho". Malisho ni majani ya ng'ombe, na mtu wa Mwanza aliyekulia karibu na mifugo haoni samaki hapo. Niliandika hesabu yenyewe: "Kila mwezi utapiga hesabu ya kilo za chakula zilizotumika kwa kila kilo ya uzito ambayo samaki wameongeza." Mhitimu wa Nyegezi aliitambua mara moja, na kijana asiye na chuo aliielewa. Kwa "kupandikiza vifaranga", "kuvuna" na "kizimba" hapakuwa na kazi, kwa kuwa ndiyo maneno ya watu wenyewe.

21 Februari: Neno moja lililobaki na hatari

Katika kusoma mara ya pili lilijitokeza jambo lililonipita, kwenye mstari uliosema kwamba "waombaji wenye uzoefu wa Ziwa Victoria watapendelewa". Kijana mmoja wa Kayenze alirudisha karatasi akisema, kwa hiyo kazi imeshapata mwenyewe. Kupendelewa, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kubebwa: mjomba yumo ofisini. Kiingereza kilikuwa kinaeleza sifa isiyo ya lazima ila yenye faida.

Matangazo ya serikali husema "watapewa kipaumbele", nayo ni afadhali, lakini bado inazungumzia foleni ya watu badala ya sifa. Nilihamisha uzito kutoka kwa mtu kwenda kwenye sifa: "Ukiwa umewahi kufanya kazi ya vizimba Ziwa Victoria, hiyo itakuwa sifa ya nyongeza, usipokuwa nayo, bado unaweza kuomba." Nusu ya pili haimo kwenye Kiingereza kwa maneno, lakini imo kwa maana, kwa sababu msomaji wa Kiingereza amezoea kutofautisha sifa za lazima na za hiari, ilhali waombaji wengi huku husoma orodha yote kama masharti na kujiondoa wenyewe.

24 Februari: Kukagua kwa sikio na kubandika

Nilimpa mtu mwingine alisome tangazo lote kwa sauti huku mimi nikiweka alama kila alipokwama au kurudia. Alikwama mahali palipokuwa na "-a unganifu" nyingi zilizofuatana, kama "taarifa ya maendeleo ya ukuaji wa samaki wa kila wiki". Mfuatano wa namna hiyo ni dalili ya kuaminika kwamba nomino za Kiingereza zimejipanga chini ya Kiswahili, na tiba yake ni kurudisha kitenzi: "kila wiki utaeleza kwa maandishi jinsi samaki wanavyokua".

Mwisho wa tangazo unasema: "Tuma barua ya maombi, wasifu wako na nakala za vyeti kabla ya 14 Machi 2025. Hatupokei malipo yoyote kwa mwombaji. Tutawapigia simu wale tu watakaoitwa kwenye usaili." Sentensi ya malipo niliipendekeza mimi kutokana na yale ya 12 Februari, na mwajiri akaipokea.

Kuchapa nakala za kubandika kulilipwa na kampuni. Kwa upande wangu gharama kubwa zaidi haikuwa kuandika, ilikuwa wasomaji na nauli. Atakayekadiria bei ya kazi kama hii azihesabu tangu mwanzo, kwa sababu mwajiri akishapewa bei ya kurasa pekee hupata shida kuelewa kwa nini jaribio la kusoma linalipiwa.

10 Machi: Nyongeza baada ya tangazo kutoka

Mwajiri ameniambia kwamba wanaopiga simu wanaijua kazi kabla ya kuuliza, lakini swali moja linarudi kila mara. Mahali palipokuwa na starehe ya majini niliandika: "Uwe unajua kuogelea na umezoea kupanda boti wakati wa mawimbi." Watu wanauliza kama kuogelea kutapimwa, na kama anayejua kuogelea kidogo aombe. Nililirudisha swali kwa kampuni, ikabainika kwamba hata wao hawakuwa wameamua. Wameamua sasa, na sentensi mpya imekwisha kuingizwa kwenye nakala za simu: "Uwe unaweza kuogelea mita 50 bila kupumzika, utapimwa siku ya usaili ukiwa na mwokoaji karibu, na kazini utavaa jaketi okozi kila utokapo na boti." Tangazo la Kiingereza nalo limesahihishwa ili lifanane na la Kiswahili.